Paukwa Bila Pakawa: Sentensi ya Kwanza ya Video na Anayebaki Kuisikiliza

Utangulizi

Katika semina moja ya fasihi simulizi muhula uliopita, ndugu yetu mmoja wa mwaka wa tatu alisimama akadai kwamba hawa vijana wanaotengeneza video fupi za simu hawajagundua lolote jipya. Sentensi ya kwanza ya video, alisema, ile inayomkamata mtazamaji asiondoke, ni paukwa iliyovaa suruali. Watu walipiga makofi, nami nilipiga pia. Lakini nilipotoka pale nikaanza kujiuliza: je, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona hakuna aliyejaribu kuipima?

Makala haya yanaeleza jinsi nilivyojaribu. Nilichukua video moja, nikaiandikia sentensi tano tofauti za kufungulia, kisha nikalinganisha ipi iliwaweka watazamaji muda mrefu zaidi. Nathubutu kusema tangu mwanzo kwamba dai la ndugu yetu halikusimama. Lakini na mimi pia kuna jambo nililoanza nalo ambalo halikusimama, na hilo nitalieleza mwishoni kwa sababu lilinigusa zaidi.

Video yenyewe

Shangazi yangu analima mwani Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo hiki kilianza kibiashara upande ule mnamo mwaka 1989, na tangu hapo wengi wanaokifanya ni wanawake. Maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, wanaingia baharini, wanapigilia vijiti, wananyoosha kamba kati ya kijiti na kijiti, na kwenye kamba wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Baada ya kama wiki sita wanavuna. Zipo aina mbili wanazozijua: spinosamu, yenye bei ndogo, na kotonii, yenye bei nzuri zaidi. Maji ya karibu na ufuko yamezidi kupata joto, na kotonii hailistahimili. Inapata ugonjwa, inakuwa nyeupe, inakatika na kuchukuliwa na maji. Shangazi ameacha kuipanda.

Nilimpiga video akifunga mwani na kueleza mambo hayo. Baada ya kukata na kuunganisha nilibaki na sekunde 62. Mwanzoni niliacha sekunde 4 ambazo mkono wa shangazi unaonekana umeshika kamba tu, naye hasemi. Juu ya sekunde hizo 4 ndipo nilipoweka sauti yangu na sentensi ya kwanza, nikaiandika pia kwa herufi kubwa kwenye picha, maana watu wengi hutazama simu wakiwa wameizima sauti.

Sentensi tano

Ya kwanza ilikuwa ya salamu: “Asalaamu alaykum, leo tutazungumzia kilimo cha mwani.” Ya pili ilikuwa ya ngano, kwa heshima ya semina yetu: “Paukwa! Pakawa! Palikuwa na mwani, ukaondoka.” Ya tatu ilikuwa swali: “Unajua kwamba kila asubuhi unapigia mswaki mwani?” Ya nne ilikuwa ya kushtua: “Bahari imemwibia shangazi yangu riziki yake yote.” Ya tano ilianzia kwenye kitu kinachoonekana: “Kamba hii ilisomesha watoto watatu. Leo haioti kitu.”

Ndugu msomaji, angalia kwamba sikubadilisha kitu kingine chochote. Picha ni ileile, sauti ni yangu ileile, na kila sentensi niliisoma kwa sekunde 4, isizidi wala isipungue. Jambo hili la urefu ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ukiwa na sentensi ya sekunde 3 na nyingine ya sekunde 8, kisha ukauliza ni watu wangapi walikuwapo kwenye sekunde ya 10, utakuwa unalinganisha mtu aliyekwisha kuanza kumsikia shangazi na mtu ambaye bado anasikiliza mlango ukifunguliwa. Kwa hiyo niliamua kuhesabu watu kwenye vituo vitatu vya hadithi yenyewe: mwisho wa sentensi yangu, pale shangazi anapokaza fundo la kwanza na kutaja kotonii (sekunde ya 20), na mwisho wa video.

Jaribio lililoharibika

Mwanzo nilifanya jambo rahisi. Nilikwenda kantini na simu, nikawaomba wenzangu watazame. Kila mtu nilimpa toleo moja kwa kupiga kura, nikamwambia: ukichoka, zima. Jamani, hakuna aliyezima! Watu 40 walitazama mpaka mwisho, hata wa ile ya salamu. Mmoja alikuwa anachelewa kipindi, akatazama huku amesimama mlangoni.

Nilicheka, kisha nikaelewa. Nilikuwa nimesimama mbele yao, na mtu mwenye adabu hamgeuzii kisogo mwenzake anayezungumza. Nilichokuwa ninapima ni adabu ya wenzangu, si nguvu ya sentensi. Weka hilo akilini, kwa sababu ndilo lilinipa jibu la swali la paukwa.

Jaribio la pili

Basi nikaenda kwenye YouTube, upande wa Shorts, ambako video ya pili iko chini ya kidole gumba na hakuna mtu wa kumwonea haya. YouTube ina sehemu ya kujaribisha picha za jalada hadi tatu kwa video moja, ikakuambia ipi ilileta muda mwingi wa kutazamwa. Lakini maneno yaliyomo ndani ya video hayajaribishwi hivyo, wala huwezi kuliondoa faili la video na kuweka jingine kwenye anwani ileile. Ilinibidi nipakie video tano, kila moja siku yake, saa ileile ya jioni, kwenye chaneli ndogo ya kikundi chetu cha wasomaji. Kila moja niliiacha siku saba, nikasoma takwimu zake, kisha nikaificha kabla ya kupakia inayofuata, ili aliyekwisha kuiona asikutane nayo tena kwa jina jingine.

Kila toleo liliwekwa mbele ya watu wapatao 350. Nilianza kuhesabu na wote hao, pamoja na wale waliopitisha kidole papo hapo. Ukianza kuhesabu baada ya hao kuondoka, sentensi mbovu itaonekana nzuri, kwa sababu waliobaki ni wale wavumilivu tu. Matokeo, kwa kila watu 100, yalikuwa hivi:

| Sentensi | Mwisho wa sentensi | Fundo la kwanza | Mwisho wa video |
|---|---|---|---|
| Salamu | 41 | 30 | 19 |
| Paukwa | 46 | 33 | 22 |
| Mswaki | 72 | 38 | 17 |
| Wizi | 69 | 55 | 34 |
| Kamba | 60 | 50 | 33 |

Hapa ndipo wengi wetu tungeandika hitimisho. Paukwa imeishinda salamu, mswaki umeshinda wote mlangoni, wizi umeshinda mwishoni, kazi imekwisha. Lakini dada mmoja wa idara ya takwimu aliniuliza swali lililonikata maini: “Ukiipakia video ileile mara ya pili, utapata namba zilezile?”

Nikaipakia tena ile ya kamba bila kubadilisha hata nukta. Safari hii ilileta 66, 53 na 36. Sentensi ni ileile, lakini mwisho wake imepata watu sita zaidi katika kila mia! Hakuna uhodari wowote ulioongezeka. Ni watu wengine tu, siku nyingine. Dada yule akanieleza kwamba kwa watu 350 kila upande, tofauti ya hadi saba katika kila mia inaweza kuletwa na bahati peke yake. Na kwa kuwa mtambo wa YouTube ndio unaochagua nani aonyeshwe nini, nami sikuwagawa watu kwa kura, tahadhari inapaswa kuwa kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo nilijiwekea sharti: tofauti yoyote isiyozidi saba nisiitungie maelezo. Naomba wahakiki wenzangu mlifikirie sharti hili, maana sisi tuna ugonjwa wa kueleza kila kitu. Ukinipa 46 na 41 nitakuandikia kurasa tatu juu ya nguvu ya mwito katika fasihi simulizi, kumbe ni bahati ya Jumanne na Jumatano. Kwa sharti hili, paukwa na salamu zimetoka sare. Wizi na kamba nazo zimetoka sare mwishoni. Tofauti zinazobaki ni chache, na hizo ndizo tunazoweza kuzihakiki.

Kwa nini paukwa ilianguka

Tofauti ya kwanza inayobaki ni kwamba paukwa imeachwa mbali na zile tatu za mwisho kwenye mlango, na imeachwa na wizi na kamba mpaka mwisho. Hili linahitaji maelezo.

Tuliofundishwa fasihi simulizi tunajua kwamba paukwa si sentensi nzima. Ni nusu. Nusu ya pili, “Pakawa!”, iko mdomoni mwa hadhira. Fanani anapoita, anasikiliza jinsi anavyojibiwa. Watoto wakijibu kwa sauti ya usingizi, anaita tena, au anabadilisha hadithi, au anamtaja mmoja wao kwa jina. Yaani naye anapima kama mimi nilivyopima, isipokuwa yeye anapima papo kwa papo na watu walewale, na akiona wanamponyoka anajirekebisha kabla hawajaondoka. Kwenye video yangu mimi ndiye niliyeita na mimi ndiye niliyeitika. Hadhira nikainyang'anya nusu yake.

Lakini kuna jambo zito zaidi, nalo ndilo lile la kantini. Wanaoitwa kwa paukwa wamekwisha kukaa. Wamekula, mkeka umetandikwa, bibi yuko mbele yao. Paukwa haiwaleti watu. Inawageuza kutoka ulimwengu wa vyombo na kuni kwenda ulimwengu wa sungura na fisi. Mtazamaji wa Shorts hajakaa. Anapita. Ukitaka ndugu yake katika utamaduni wetu usiende kwa bibi, nenda Darajani au Kariakoo ukamsikilize mnadi wa mitumba. Yeye ndiye anayesema na mtu aliye mwendoni, ambaye hana deni lolote la adabu, na ambaye akikosa sababu ya kusimama ndani ya pumzi moja amekwisha kufika kwa jirani. Kwa hiyo namjibu ndugu yetu wa mwaka wa tatu: sentensi ya kwanza ya video si paukwa. Ni mwito wa mnadani.

Mswaki na deni

Tofauti ya pili ni ya ile ya mswaki. Mlangoni ilikuwa nayo 72, lakini ilipofika fundo la kwanza ilikuwa na 38. Zaidi ya thelathini waliondoka ndani ya sekunde 16. Nilipoutazama mchoro wa YouTube unaoonyesha waliobaki sekunde kwa sekunde, mistari ya sentensi nyingine ilikuwa kama mteremko, ila huu ulikuwa kama ukuta wa kisima.

Sababu unaiona ukiiweka sentensi karibu na kinachofuata. Utomvu wa mwani hutumika kweli kufanya dawa za meno ziwe nzito, ingawa si zote, kwa hiyo hata ukweli wake ni wa nusu. Kosa kubwa ni kwamba aliyekuja kwa ajili ya dawa ya meno amekutana na mama aliyeinamia kamba. Dawa haitajwi tena popote. Swali lilifungua deni ambalo video haikuwa na fedha ya kulilipa, na mdai aliposhtuka akaondoka. Ukiwa na namba moja tu, ile ya mlangoni, ungesema mswaki ndio bingwa. Kumbe mwishoni uko na 17, nusu ya kamba na wizi, na hauna tofauti ya kuaminika na salamu ambayo kila mtu anaidharau.

Kwa hiyo namba ya mlangoni peke yake inasema sentensi imeahidi nini. Namba za mbele ndizo zinazosema kama video imelipa. Anayetaka kujua kosa liko wapi atazame umbo la mteremko: ukiporomoka ndani ya sentensi yenyewe, sentensi ni mbovu. Ukiporomoka mara tu baada yake, sentensi na hadithi hazifahamiani. Ukishuka polepole mpaka mwisho, basi ni uchovu wa kawaida na si kosa la mlango.

Shangazi anaihakiki

Nimebaki na wizi na kamba, ambazo namba zimekataa kuzitenganisha. Nikiri kwamba moyoni nilikuwa nimekwisha kuchagua wizi. Ilikuwa na 69 mlangoni, ina mtu, ina jinai, ina uchungu. Nikaenda nayo Jambiani kumwonyesha shangazi kabla ya kuirudisha hadharani moja kwa moja.

Aliitazama mara mbili. Kisha akaniuliza, “Mwanangu, nani kakwambia bahari imeniibia?”

Nikamwambia ni lugha ya kisanaa, shangazi, tashihisi, ili watu wasikilize.

“Mwizi hupelekwa kwa sheha,” akasema. “Bahari haijaniibia. Bahari imeugua, na mgonjwa haitwi mwizi. Kesho maji yakipwa nitaingia humo humo na wenzangu, na wao wana simu. Wataniuliza kwa nini naitukana.”

Nilinyamaza. Sisi tunaosoma uhakiki tunapenda kusema kwamba tashihisi ni pambo la fani. Kwa mtu anayeingia kwenye maji yale kila bamvua, kumwita mwizi anayemlisha si pambo. Ni tuhuma, na imetolewa kwa jina lake. Tena si kweli hata kwa maelezo ya video yenyewe: shangazi bado anapanda spinosamu, riziki imepungua, haijaisha yote. Mimi niliyemcheka mtu wa mswaki kwa ukweli wa nusu, nilikuwa nimefanya hilo hilo, ila langu lilikuwa limepata namba nzuri.

Niliomba ruhusa ya kutumia maneno yake, akakubali. Toleo la sita likafunguliwa kwa sauti yake mwenyewe, sekunde 4 zilezile: “Bahari imeugua, na mgonjwa haitwi mwizi.” Likaleta 64, 54 na 35. Kwa sharti langu la saba, ni sare na wizi kwenye vituo vyote vitatu. Siwezi kusema sentensi ya shangazi imeshinda, na atakayesema hivyo kwa namba hizi anajidanganya, hasa kwa kuwa hapa sauti nayo ilibadilika. Ninachoweza kusema ni kwamba sikupoteza kitu kinachoonekana kwa kuacha uongo.

Hitimisho

Kipimo hiki kilikuwa cha video moja kwenye chaneli moja ndogo, na aliye na fedha anaweza kwenda upande wa matangazo ya kulipia, ambako watazamaji hugawanywa kwa bahati nasibu, akapata jibu safi zaidi kuliko langu. Lakini hata kwa uchache huu namba zilinifanyia kazi moja vizuri: ziliondoa. Ziliondoa salamu, ziliondoa paukwa niliyoipenda, na ziliuvua mswaki taji. Zilipofika kwenye sentensi tatu zilizolingana zikanyamaza, na pale zilipokoma ndipo kazi yetu ya uhakiki ilipoanza: kuuliza ni ipi ambayo hadithi inaweza kuilipa, na ambayo mwenye hadithi anaweza kusimama nayo mbele ya wenzake.

Toleo lililobaki kwenye chaneli ni la sita. Ndugu yetu wa mwaka wa tatu ameliona, na bado anasema ni paukwa. Namkaribisha aandike.